Mtoto wa paka aliyefiwa na mama: joto kwanza, maziwa baadaye

Juni hii, shule zilipofungwa, nilikwenda Ilula kwa shangazi kupumzika siku chache. Wanaopita barabara ya Iringa kwenda Morogoro wanaijua Ilula kwa matenga ya nyanya na magunia ya vitunguu kando ya lami. Wanaolala pale mwezi wa sita wanaijua kwa baridi yake ya usiku. Siku ya pili jioni nilikuta kelele jikoni. Paka wa ghalani, yule aliyekuwa akilinda mahindi ya shangazi dhidi ya panya, alikuwa amegongwa na fuso mchana. Nyuma ya magunia, ndani ya tenga kuukuu, waliachwa watoto wawili. Hawakuwa wamefumbua macho, masikio yamejikunja, na kitovu kilichokauka bado kinaning'inia tumboni. Kitovu hicho huanguka karibu siku ya tatu hadi ya tano, kwa hiyo tulikadiria wana siku mbili.

Mdogo wangu wa miaka tisa ndiye aliyewaona, na hakusubiri mkubwa yeyote. Alichukua maziwa ya ng'ombe yaliyokuwa kwenye sufuria, yamepoa, akamlaza mmoja chali kwenye kiganja kama tunavyompakata mtoto mchanga, akamnywesha kwa kijiko. Nilipofika, maziwa yalikuwa yanatoka puani mwa yule mdogo na anapumua kwa kukoroma. Alikufa kabla ya saa 3 usiku. Mtoto alilia hadi akalala na viatu.

Nimeona niandike habari hii kwa sababu alichofanya ndicho ambacho wengi wetu tungefanya. Tumelea watoto wetu, kwa hiyo tunadhani tunajua. Mtoto analia, mpe maziwa. Mpakate, mlaze chali, inua kichwa. Kwa mtoto wa paka karibu kila hatua hapo ina kosa, na kosa la kwanza ni kuanza na maziwa.

Nilimpigia bwana mifugo ninayefahamiana naye kwa kazi zangu za habari. Swali lake la kwanza halikuwa amekula nini. Aliuliza, "Ukimtia kidole mdomoni, mdomo ni wa moto au wa baridi?" Nikaingiza ncha ya kidole kidogo. Ulikuwa baridi kabisa, na nyayo vilevile. Akaniambia, "Basi usimpe chochote kwanza. Mpashe joto."

Maelezo yake ni haya. Mtoto wa paka mwenye siku chache hawezi kutetemeka ili ajipatie joto kama sisi tunavyofanya. Joto lake ni la mama na la ndugu zake anaolaliana nao. Katika wiki ya kwanza mwili wake unatakiwa uwe na nyuzi 35 hadi 36 na zaidi kidogo. Ukishuka chini ya 34, matumbo yanalala. Maziwa yakiingia hayasagwi, yanakaa tumboni na kuchacha, au yanarudi juu na kuingia kwenye mapafu. Mtoto aliyepoa hata kunyonya hawezi vizuri, kwa hiyo anayemlisha analazimika kumimina, na kumimina ndiko kunakozamisha.

Sasa apashwe joto vipi? Taratibu, kwa saa moja hadi mbili au zaidi. Si kumsogeza kwenye jiko la mkaa, wala kumtumbukiza kwenye maji ya moto. Shangazi, ambaye dakika chache kabla alikuwa anasema paka ni paka tu, alimchukua yule aliyebaki akamweka kifuani ndani ya sweta, ngozi kwa ngozi, akafunga kitenge juu. Wasomaji waliojifungua watoto njiti wataitambua mara moja: ni ileile huduma ya kangaruu tunayofundishwa hospitalini. Shangazi alikaa hivyo akipepeta maharage. Baada ya saa moja na nusu hivi yule mdogo alianza kujipindapinda na kutafuta chuchu. Nikajaribu kidole tena, mdomo ukawa wa uvuguvugu na ukakikamata kidole kwa nguvu ya ajabu. Wakati tunasubiri tulimpaka tone moja tu la maji ya sukari kwenye fizi, maana mtoto aliyekaa bila kula huishiwa sukari mwilini haraka. Tone la kupaka tu, la kumeza hapana.

Kwa usiku tulimwandalia boksi. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu ikajazwa maji ya moto, si yanayochemka, ikafungwa kwa kitambaa kizito na kulazwa upande mmoja wa boksi. Upande wa pili tuliuacha bila kitu ili akiona joto limezidi atambae kuondoka. Nafasi hiyo ni muhimu, kwa sababu mtoto anayebanwa kwenye joto bila pa kukimbilia hupungukiwa maji mwilini na anaweza kuungua. Tuliazima kipimajoto cha chumba kwa jirani anayelea vifaranga, tukakilaza boksini pale mtoto anapolala. Wiki ya kwanza tulitafuta nyuzi 29 hadi 32, na kuanzia ya pili tukashusha kidogo kidogo. Kama mtaani kwenu kuna mwenye vifaranga, mwulizeni yeye; habari za joto anazijua kuliko watu wengi.

Kuna jambo moja kuhusu chupa hiyo ambalo sikulifikiria mpaka saa 8 usiku. Maji yakishapoa, chupa inageuka kuwa adui, kwa kuwa inanyonya joto la mtoto badala ya kumpa. Kwa baridi ya Ilula ilishikilia kama saa mbili na nusu tu. Ikabidi kila tukiamka kulisha tubadilishe na maji, na shangazi akawa anajaza chupa mbili za chai kila jioni kwa kazi hiyo. Jiko la mkaa halikuingia chumbani. Hilo halina mjadala, kwa sababu moshi usioonekana wa mkaa unaua watu waliolala, achilia mbali paka.

Sasa tuje kwenye maziwa. Maziwa ya paka yana protini na mafuta mengi kuliko ya ng'ombe. Mtoto wa paka akipewa ya ng'ombe peke yake hujaza tumbo bila kushiba sawasawa, na sukari ya maziwa hayo mara nyingi humharisha. Kwa kiumbe cha gramu tisini, kuharisha siku moja tu ni hatari. Kinachofaa ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa maalumu kwa watoto wa paka, na bora zaidi ya hayo ni paka mwingine anayenyonyesha. Tuliuliza nyumba sita hadi saba asubuhi yake. Paka mmoja alikuwepo lakini watoto wake walikuwa wakubwa tayari na alimfukuza wetu kwa makucha. Kwenu mnaweza kubahatika, ulizeni kwanza.

Kijana wetu aliyeko Dar es Salaam alinunua kopo la maziwa hayo na kichupa chake, akavikabidhi kwenye basi, tukavipokea stendi siku ya pili. Kwa muda huo bwana mifugo alituelekeza mchanganyiko wa dharura. Ni kikombe kimoja cha maziwa halisi yaliyochemshwa, kama mililita 240, yakiachwa yapoe hadi uvuguvugu. Unaongeza viini viwili vya mayai bila ute wake na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula, unakoroga na kuchuja. Asali hapana. Alisisitiza kwamba huo ni wa kuvusha siku moja au mbili, kwa kuwa haumjengi mtoto kwa wiki nzima.

Hatukuwa na kichupa bado, tukatumia bomba la sindano la mililita moja kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe. Alilazwa kwa tumbo juu ya taulo, miguu ya mbele ikiwa na kitu cha kukanyaga, kichwa kimeinuka kidogo tu, kama vile angekuwa ubavuni mwa mama yake. Paka hanyonyi chali. Akiwa chali, au kichwa kikivutwa nyuma sana, njia ya hewa inakuwa wazi kwa maziwa. Tulitoa tone, tukasubiri alirambe na kumeza, ndipo tone lingine. Kumnywesha mililita tatu kulituchukua karibu robo saa, na mgongo uliniuma.

Kichupa kilipofika tulikuta chuchu yake haina tundu. Nyingi huuzwa hivyo. Unachoma sindano ya kushonea kwenye moto, unatoboa mwenyewe, kisha unageuza chupa juu chini na kutazama. Maziwa yanatakiwa yadondoke tone moja moja, polepole. Yakimiminika, tundu ni kubwa na chuchu hiyo itamzamisha. Yasipodondoka kabisa, mtoto atachoka kunyonya kabla hajashiba na atalala na njaa. Tuliharibu chuchu ya kwanza, na kwa bahati kopo lilikuwa na ya akiba. Maziwa yalipashwa kwa kusimamisha chupa ndani ya kikombe cha maji ya moto na kujaribiwa tone moja kwenye kifundo cha mkono, kama tunavyofanya kwa watoto wetu. Hapo tu ndipo uzoefu wa ulezi ulitusaidia bila kutupotosha.

Kiasi kinategemea uzito. Binamu yangu anapika keki za oda na ana mizani ndogo inayosoma gramu, akatuazima, na bakuli la kupimia tulilitenga lisirudi jikoni. Jioni ile mtoto alikuwa na gramu 92. Tumbo lake hubeba takriban mililita nne kwa kila gramu 100 za mwili, kwa hiyo kipimo chetu kilikuwa mililita tatu na nusu kwa mlo mmoja. Tumbo dogo namna hiyo huisha haraka, na ndiyo maana wiki ya kwanza ni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Tuligawana: shangazi saa 4 usiku, mimi saa 6 na saa 8, binamu saa 10 alfajiri, na mdogo wangu akapewa saa 12 asubuhi na zamu za mchana chini ya usimamizi. Wiki ya pili, mtoto akishafika gramu mia moja na hamsini hivi na kuendelea, milo huwa mikubwa na nafasi kati yake huongezeka hadi saa tatu au nne. Baada ya kila mlo tulimwinua begani na kumpapasa mgongo mpaka acheue.

Usiku wa kwanza, saa 8, alikuwa amekula na yuko kwenye joto lakini analia bila kukoma. Tumbo limekaza kama ngoma. Nikasema huyu bado ana njaa, nikavuta maziwa mengine kwenye bomba. Shangazi alinishika mkono. "Mwanangu, toka jioni umemwona amekojoa?" Nikakumbuka kwamba bwana mifugo alikuwa amelitaja, nami kwa kuhangaika na joto nikalisahau.

Mtoto wa paka wa umri huo hawezi kukojoa wala kujisaidia mwenyewe. Mama humramba sehemu ya chini kila baada ya kunyonya, na mrambo huo ndio unaofungua njia. Bila mama, mkojo unajaa kibofu, mtoto anaumia, na anaweza kufa huku amelishwa vizuri. Tulichovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, tukaikamua, tukampapasa taratibu chini ya mkia, kufuata mwendo wa ulimi, kwa wepesi na bila kukandamiza. Hazikupita sekunde ishirini, mkojo ukaanza kutiririka, na uliendelea kwa muda ambao sikuamini. Alinyamaza akiwa bado mkononi na kulala hapohapo.

Toka hapo pamba ikawa sehemu ya kila mlo. Unaendelea mpaka mkojo ukome wenyewe, kisha unamfuta na kumkausha, kwani akirudishwa na unyevu anapoa upya na ngozi ya pale huchubuka. Choo kikubwa hakitoki kila mara. Mara moja au mbili kwa siku inatosha, na siku ya kwanza kinaweza kisitoke kabisa. Kinachotakiwa ni rangi ya binzari na ulaini wa dawa ya meno inayotoka kwenye tyubu. Mkojo uwe mweupe au wa njano hafifu. Ukikolea rangi, maji yamepungua mwilini. Kuvuta ngozi ya shingo kuona kama inarudi, jinsi wanavyopimwa wanyama wakubwa, kwa mchanga huyu hakuaminiki, kwa hiyo angalia mkojo na unyevu wa fizi.

Tulimpima kila asubuhi kabla ya mlo. Siku ya pili alishuka hadi gramu 90, jambo lililotutisha, ila kwa mtoto aliyekosa mama na kukaa kwenye baridi kushuka kidogo siku moja si ajabu. Siku ya tatu 98, ya nne 109. Ongezeko la gramu 10 hadi 15 kwa siku ndilo linalotafutwa. Siku ya tano tulisoma 110, yaani alikuwa karibu amesimama, na choo kilikuwa chepesi chenye ukijani. Tukaanza kulaumu maziwa ya Dar. Baadaye mdogo wangu alikiri kwamba mchana alikuwa akimpa mililita saba "kwa sababu bado anavuta." Watoto wa paka wengine huendelea kuvuta hata wakishashiba, na ziada ile inapita bila kusagwa. Tulirudi kwenye kipimo, na kwa ushauri wa bwana mifugo milo mitatu iliyofuata tukaizimua kwa maji kidogo. Kesho yake choo kilikaza na uzito ukawa 118, siku ya saba 130.

Sikumgombeza. Nilimpa daftari, akachora mistari na kuandika saa, mililita, mkojo, choo na gramu. Tangu hapo hakukosea kipimo hata mara moja, na alinisahihisha mimi mara mbili.

Kuna dalili ambazo hazisubiri asubuhi. Maziwa yakitoka puani, acha kulisha papo hapo, elekeza kichwa chini, futa, na subiri apumue vizuri. Baada ya hapo sikiliza kwa siku moja au mbili: akipumua kwa sauti, akifungua mdomo ili apate hewa, au akikataa kunyonya, huenda maziwa yameingia kwenye mapafu, na hapo anahitaji daktari wa mifugo na dawa. Vilevile anayelegea kama kitambaa baada ya kupashwa joto, anayeharisha zaidi ya siku moja, au anayepungua uzito siku mbili mfululizo. Na hata ukifuata yote, wengine hufa. Walio na siku moja ambao hawakuwahi kunyonya maziwa ya kwanza ya mama hukosa kinga ile, na maziwa ya kopo hayawezi kuirudisha. Wetu walishanyonya siku mbili, na nadhani hilo lilichangia.

Kwa upande wa nyumbani, mikono huoshwa kwa sabuni kabla na baada, vyombo vyake huchemshwa na haviingii kwenye kabati la chai, na maziwa yaliyobaki kwenye chupa humwagwa. Watoto wasimbusu. Pamba zilizotumika zilitupwa chooni na mtu mzima.

Niliondoka Ilula siku ya tisa, asubuhi baada ya jicho la kushoto kuanza kufumbuka. La kulia lilifuata kesho yake. Nililetewa picha kwenye simu. Kwa siku kumi na mbili zilizofuata niliendelea kutumiwa picha za daftari. Siku ya kumi na nne alikuwa na gramu 214. Siku ya ishirini na moja mdogo wangu aliandika kwa herufi kubwa kwamba pamba imetoka kavu, ila kuna alama ya maji kwenye kona ya boksi, mbali na chupa. Shangazi akamtilia mchanga kwenye sinia la bati la zamani, akaendelea na pamba siku tatu zaidi kwa tahadhari, na kipimajoto kikarudi kwa mwenye vifaranga.